Jedwali la barua pepe za mizani, kwa mpangilio wa tarehe

Kutoka kwa: Mwenyekiti
Kwa: Zuhura, mhasibu
Tarehe: Jumanne, 14 Mei 2024

Zuhura mwanangu, habari za Lindi. Hapa chini nimebandika barua zote za ile mizani kama Hadija alivyonirushia kutoka kwenye simu yake. Mimi nimezisoma mara mbili nikachanganyikiwa: ya mwisho iko juu, ya kwanza iko chini, nyingine sijui imetoka wapi. Kamati inakaa Alhamisi hapa Nachingwea. Nipangie jedwali: nani ameandika, lini, kichwa, na maneno machache ya kilichomo. Wajumbe wawili wameshaanza kusema tulipe hiyo laki na nusu yaishe.

---

Rajabu (mauzo), Jumatatu 13 Mei 2024, 10:05
Re: Re: MZIGO WA MIZANI
Ndugu, kama tulivyowaeleza tangu mwanzo, ucheleweshaji wote umesababishwa na mafuriko na barabara ya Kusini kukatika. Hilo liko nje ya uwezo wetu. Mizani zinapanda basi la kesho. Bei mpya mlitaarifiwa kabla ya kulipa, hivyo tunaomba mmalizie 150,000 iliyobaki.

Hadija (karani), Jumanne 7 Mei 2024, 12:02
Re: MZIGO WA MIZANI
Kaka Rajabu, tumekuelewa kuhusu barabara. Lakini ofisa wa Vipimo alikuwa aje kesho kuzikagua na kuzibandika stika. Nimempigia kumwomba asogeze siku. Ufuta umeshaanza kuvunwa, wakulima wataanza kuleta. Tuambie siku ya uhakika.

Rajabu (mauzo), Jumanne 7 Mei 2024, 08:30
Re: MZIGO WA MIZANI
Habari. Poleni na mvua. Barabara imekatika Somanga, mabasi ya Kusini hayaendi. Mkae na subira.

Rajabu (mauzo)
Date: Mon, 22 Apr 2024 22:47:10 +0000
TAARIFA YA BEI KWA WATEJA WOTE
Mteja wetu mpendwa, kuanzia tarehe 1 Mei 2024 mizani ya jukwaa ya kilo 300 itauzwa 695,000. Asante kwa kuendelea kutuamini.

Hadija (karani), Alhamisi 2 Mei 2024, 10:25
MZIGO WA MIZANI
Da Fatma, leo saa tatu nilikuwa stendi, wiki nzima hakuna mzigo wetu. Uliniambia unapanda basi tarehe 25. Naomba namba ya risiti ya basi.

Fatma (uhasibu), Jumatano 24 Aprili 2024, 09:50
Re: Kuulizia bei ya mizani
Asante dada Hadija. Malipo yenu 1,240,000 yaliingia Jumatatu. Mzigo utapanda basi la kesho Alhamisi, maana Ijumaa ni sikukuu ya Muungano.
> Hadija aliandika: Tumelipa zote 1,240,000 benki leo asubuhi...

Hadija (karani), Jumatatu 22 Aprili 2024, 15:30
Re: Kuulizia bei ya mizani
Tumelipa zote 1,240,000 benki leo asubuhi. Risiti nimeambatisha. Tunaomba mzigo uwahi.

Rajabu (mauzo), Jumanne 16 Aprili 2024, 11:40
Re: Kuulizia bei ya mizani
Karibuni sana. Moja ni 620,000, mbili 1,240,000. Profoma nimeambatisha, inadumu siku 14. Tunatuma ndani ya siku mbili baada ya malipo kuingia.

Hadija (karani), Jumatatu 15 Aprili 2024, 09:12
Kuulizia bei ya mizani
Habari za kazi. Chama chetu cha msingi kinahitaji mizani mbili za kidijitali za jukwaa, kilo 300. Ziwe zimefika kabla ya tarehe 6 Mei, ofisa wa Vipimo anakuja tarehe 8.

Fatma (uhasibu)
Sent: 05/03/2024 4:18 PM
Re: MZIGO WA MIZANI
Samahani dada, mizani bado ziko stoo, chaja zake hazijafika. Zitaondoka Jumatatu.

---

Kutoka kwa: Zuhura
Kwa: Mwenyekiti
Nakala: Hadija
Tarehe: Jumatano, 15 Mei 2024

Mwenyekiti, shikamoo. Jedwali hili hapa. Barua ni kumi. Saa nimeziandika kama zinavyoonekana kwenye simu, kwa hiyo 09:12 ni saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi. Zote nimezileta kwenye saa zetu.

| Na. | Mtumaji | Tarehe na saa | Kichwa | Kilichomo kwa ufupi |
|---|---|---|---|---|
| 1 | Hadija (karani) | 15/04/2024, 09:12 | Kuulizia bei ya mizani | Anaomba bei ya mizani mbili za kilo 300. Zifike kabla ya 6 Mei; Vipimo wanakuja 8 Mei. |
| 2 | Rajabu (mauzo) | 16/04/2024, 11:40 | Re: Kuulizia bei ya mizani | 620,000 kwa moja, jumla 1,240,000. Profoma ya siku 14. Anaahidi kutuma ndani ya siku mbili baada ya malipo. |
| 3 | Hadija (karani) | 22/04/2024, 15:30 | Re: Kuulizia bei ya mizani | Zimelipwa zote 1,240,000 benki asubuhi ya siku hiyo. Risiti imeambatishwa. |
| 4 | Rajabu (mauzo) | 23/04/2024, 01:47 | TAARIFA YA BEI KWA WATEJA WOTE | Bei mpya 695,000, kuanzia 1 Mei. |
| 5 | Fatma (uhasibu) | 24/04/2024, 09:50 | Re: Kuulizia bei ya mizani | Anakiri malipo yaliingia Jumatatu (22/04). Mzigo kupanda basi la 25/04. |
| 6 | Hadija (karani) | 02/05/2024, 10:25 | MZIGO WA MIZANI | Mzigo haujafika stendi. Anaomba namba ya risiti ya basi. |
| 7 | Fatma (uhasibu) | 03/05/2024, 16:18 | Re: MZIGO WA MIZANI | Mizani bado ziko stoo, chaja hazijafika. Zitaondoka Jumatatu (06/05). |
| 8 | Rajabu (mauzo) | 07/05/2024, 08:30 | Re: MZIGO WA MIZANI | Barabara imekatika Somanga, mabasi hayaendi. |
| 9 | Hadija (karani) | 07/05/2024, 12:02 | Re: MZIGO WA MIZANI | Ameomba Vipimo wasogeze ukaguzi wa 08/05. Anataka siku ya uhakika. |
| 10 | Rajabu (mauzo) | 13/05/2024, 10:05 | Re: Re: MZIGO WA MIZANI | Anasema ucheleweshaji wote ni mafuriko. Mzigo kupanda basi la 14/05. Anadai 150,000 ya bei mpya. |

Vichwa nimeviacha vilivyo, herufi kubwa kwa herufi kubwa, ili mjumbe akitaka kuitafuta barua kwenye simu ya Hadija aipate. Yale maneno ya Hadija yaliyonukuliwa chini ya barua ya Fatma sikuyahesabu mara ya pili. Ni barua namba 3 ileile.

Mbili zilinisumbua, na ndizo zenye kesi yote.

Ya kwanza ni namba 7. Ilikuwa mkiani kabisa, chini ya barua ya kwanza ya Hadija, na tarehe yake imeandikwa 05/03/2024. Mtu wa huku akiisoma atasema ni tarehe tano Machi, barua ya zamani isiyohusika, airuke. Mimi mwenyewe nilikaribia kuiruka. Lakini Machi tulikuwa hatujaulizia hata bei, na kichwa chake ni jibu la barua ya Hadija ya tarehe 2 Mei. Kompyuta ya Fatma inatanguliza mwezi kama Wamarekani. Kwa hiyo ni Ijumaa tarehe 3 Mei, saa kumi na robo hivi jioni.

Sasa angalia inachosema: mizani ziko stoo, zinasubiri chaja. Kimbunga Hidaya kilitufikia huku pwani Jumamosi tarehe 4, na barabara pale Somanga ikakatika mwishoni mwa wiki hiyohiyo. Yaani siku moja kabla ya kimbunga mzigo ulikuwa haujatoka Dar, na ulitakiwa uwe umeondoka tarehe 25 Aprili kwa maneno yao wenyewe. Siku tisa hizo kati ya 25 Aprili na 4 Mei barabara ilikuwa wazi na mabasi yanapita. Mafuriko nayakubali kuanzia namba 8, hapo sina neno, hata sisi Lindi tulikwama. Ila hiyo "yote" ya Rajabu kwenye namba 10 haisimami.

Ya pili ni namba 4. Kwenye ulivyobandika imekaa katikati ya barua za Mei, na tarehe yake inasomeka 22 Aprili, siku ileile tuliyolipa. Ndiyo maana Rajabu anathubutu kusema tulitaarifiwa kabla. Lakini ile `+0000` mwishoni maana yake ni saa za Griniwichi, na sisi tuko mbele yao kwa saa tatu. Saa 22:47 ya kule ni 01:47 ya huku, yaani saa saba na dakika arobaini na saba usiku wa kuamkia tarehe 23. Pesa zilikuwa zimeshaingia tangu asubuhi, na Fatma wao amekiri kwa mkono wake kwenye namba 5. Hata ukiacha saa zote hizo, taarifa yenyewe inasema bei inaanza tarehe 1 Mei, na profoma yetu ilikuwa hai mpaka tarehe 30 Aprili. Hapo hata hiyo hesabu ya Griniwichi ni ya ziada tu. Nimeiweka kwa sababu najua kuna mjumbe atauliza.

Kwa maoni yangu ya kihasibu hatudaiwi. Uamuzi ni wa kamati.

Kuna kitu kimoja jedwali haliwezi kuonyesha. Hakuna barua hata moja yenye namba ya risiti ya basi, ingawa Hadija aliiomba. Rajabu alisema mzigo unapanda basi la jana. Hadija, tafadhali pita stendi leo jioni basi la Dar likifika, na kama mzigo haupo mpigie Rajabu palepale. Kama upo, usisaini chochote chenye maneno ya deni, na ufungue maboksi uone kama chaja zimo. Bila chaja ofisa wa Vipimo atakuja bure, na mtarudi kupima ufuta wa watu kwa ule mzani wa zamani ambao stika yake imeshaisha muda.

Halafu kwenye ulivyobandika viambatisho havikuja. Kwa Alhamisi tunahitaji karatasi mbili: profoma ya tarehe 16 na risiti ya benki ya tarehe 22. Ya benki ninayo nakala hapa ofisini, nitaileta. Profoma iko kwa Hadija peke yake. Dada, ichapishe nakala saba, na hili jedwali pia, ulalo, maana likichapishwa wima safu ya mwisho inakatika.

Nakuja na basi la asubuhi kesho.

Zuhura