Kikohozi cha baba kimezidi

Shikamoo Daktari. Nakuandikia kutoka Mikindani kuhusu baba yangu, mwenye umri wa miaka 68, ambaye kikohozi chake ulichokitazama mwezi uliopita hakijapungua. Kwa siku 5 sasa anatoa makohozi ya njano, na tangu juzi hawezi kutoka chumbani hadi msalani bila kusimama kutafuta pumzi. Usiku hulala ameketi, akiegemea mito, kwa kuwa akijilaza hubanwa kifua. Miguu imeanza kuvimba. Damu sijaiona. Kwa miaka mingi alipulizia mikorosho salfa bila kufunika pua, jambo ambalo sidhani alikueleza, maana hapendi kulalamika. Naogopa sana, Daktari. Je, nimlete kwako leo hii, au nimkimbize moja kwa moja Hospitali ya Ligula?

Binti yake wa kwanza