Buriani kutoka dawati la Mwanza

Ijumaa iliyopita ilikuwa siku yangu ya mwisho kazini katika gazeti hili. Nimeondoka kwa hiari yangu, sina ugomvi na mtu, na mhariri mtendaji ameniachia nafasi hii leo niwaage ninyi mlionisoma kutoka Kanda ya Ziwa, pamoja na wenzangu wa chumba cha habari. Muhula ujao nitakuwa darasani hapahapa Mwanza, nikifundisha vijana kazi hii.

Nilikuwa nimejiandaa kuandika kumbukumbu za safari na viongozi niliowahoji. Nimeacha. Kuna watu ambao majina yao hamkuwahi kuyaona juu ya habari mlizosoma, au mliyaona mara chache tu, na ningependa nafasi hii ya mwisho iwe yao.

Habari nyingi zilizotoka kwa jina langu zilianza na simu ya mwakilishi wa wilaya. Yuko Nansio, yuko Sengerema, yuko Geita, yuko Magu. Ana pikipiki ya kuazima, simu yenye kioo kilichopasuka na vocha anayoinunua mwenyewe. Analipwa kwa habari iliyochapwa. Akikesha zahanati na habari yake ikakosa nafasi kwa sababu tangazo limeingia dakika ya mwisho, ndiyo imetoka. Bima ya afya hana, mkataba mara nyingi hana, na wapo walioandikia magazeti ya nchi hii miaka mingi bila kupewa hata kitambulisho cha kuonyesha getini. Hao ndio macho yenu, wasomaji. Mimi wa Mwanza nilikuwa nafika wa pili, na wa Dar es Salaam wanafika wa tatu.

Chukueni Alhamisi ya Septemba 20, 2018. Kivuko cha MV Nyerere kiliondoka Bugolora, Ukerewe, kwenda kisiwa cha Ukara. Ilikuwa siku ya gulio. Kivuko hicho uwezo wake ulikuwa abiria 101, nacho kilibeba watu zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo pamoja na mizigo yao. Kilipinduka kikiwa kimebakiza hatua chache kufika gati la Bwisya, watu waliokuwa wakiwasubiri ndugu zao wakiona kwa macho yao. Waliokufa walizidi 200.

Mwakilishi wetu wa Ukerewe alinipigia jioni ile. "Dada, Nyerere imelala," alisema, kisha laini ikakatika. Alipopatikana tena alikuwa tayari amevuka kwa mtumbwi wa wavuvi. Jumamosi yake fundi wa mitambo alitolewa akiwa hai kutoka ndani ya kivuko kilichopinduka, na dunia nzima ikaikimbilia habari hiyo. Sisi pia tuliikimbilia, na ilistahili. Ila kazi ninayoiheshimu kuliko zote nilizoziona katika gazeti hili ilifanyika jioni, wakati wa kufunga kurasa. Mwakilishi wetu aliketi chini ya mti pale Bwisya na daftari kubwa la shule magotini, akanisomea majina ya marehemu waliotambuliwa, herufi moja baada ya nyingine. Mimi nachapa. Mhariri msanifu wa zamu yuko kwenye simu nyingine kutoka Dar es Salaam anauliza: hapo ni n peke yake au ni ny? Jina la baba lina h? Mtambo wa kuchapa unasubiri, meneja wa usambazaji amesimama mlangoni analalamika kuhusu magari, na mhariri yule hakupitisha jina hata moja kabla hajaridhika.

Baadaye nilipokwenda Ukara, mzee mmoja alinifungulia Biblia yake akanionyesha kipande cha ukurasa ule. Alikikata kwa wembe, kimenyooka kama kilichopigwa rula. Mwanawe alikuwa humo, na jina limeandikwa sawasawa. Alitaka nimshukuru aliyeliandika. Nilifikisha salamu Nansio na nilifikisha Dar es Salaam, na leo nazifikisha mbele ya wasomaji wote.

Mwisho wa mwezi ule, mwakilishi wetu alilipwa kwa idadi ya habari. Majina yote yale yalihesabiwa kuwa habari moja.

Nimelisema hili vikaoni na sitaki liishie vikaoni. Najua hali ya biashara ya magazeti. Nakala zimepungua, matangazo yamehamia kwenye simu, karatasi ni ghali. Lakini nyumba inayoshindwa kumlipa mtu wake nauli ya kwenda kijijini imemwachia mwingine amlipie, na huyo mwingine ndiye atakayechagua kijiji, njia na wa kuongea naye. Mnaoishi mikoani mnazijua posho za semina na bahasha za nauli. Kijana anapokea kwa sababu ana kodi ya chumba, kesho yake anaandika hotuba ya mgeni rasmi kuanzia aya ya kwanza hadi ya mwisho, na mama aliyetaka kusema kwamba kisima hakitoi maji anabaki kwenye daftari. Ukitaka mwandishi amsikilize huyo mama, mlipe mwandishi.

Tena hatari inaanzia kwao. Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa Septemba 2, 2012 kijijini Nyololo, Mufindi, akiwa kazini, wakati polisi wakitawanya wafuasi wa chama cha siasa. Azory Gwanda, aliyekuwa akiandikia gazeti la Mwananchi kutoka Kibiti wakati watu wakiuawa huko, alichukuliwa Novemba 21, 2017, na hadi leo familia yake haijamwona. Wote wawili walikuwa waandishi wa mikoani. Nawaomba wenzangu, hasa ninyi mnaopanga kurasa, Novemba 21 isipite kimya. Andikeni hata aya tatu. Mke anasoma, watoto wanakua na watasoma.

Jambo nililolipenda zaidi katika kazi hii ni kurudi. Ajali ikitokea tunajaa wote, kamera kila upande, helikopta inatua. Wiki mbili baadaye hayupo mtu. Kurudi ndiko kulikonifundisha Kanda hii. Kila Mei 21 nilijitahidi kufika makaburi ya Igoma, walikozikwa wengi wa waliokufa na MV Bukoba mwaka 1996. Nilikuwa bado mwanafunzi meli ile ilipozama, lakini nimekaa na watu waliokuwa ufukweni siku hiyo. Wanasimulia walivyosikia watu wakigonga kutoka ndani, na jinsi ubavu wa meli ulivyotobolewa ili kuwaokoa, hewa ikatoka, meli ikashuka chini. Wanasimulia wakiwa wametulia, halafu wanafika mahali wananyamaza. Kila mwaka swali kutoka Dar es Salaam lilikuwa lilelile: safari hii kuna jipya gani? Jipya lilikuwepo. Mwaka huu alikuja mjukuu. Mwaka ule ndugu walilalamikia nyasi. Mwaka mwingine tulichukua kalamu tukauliza vivuko vingapi ziwani vina maboya ya kutosha, na tukaulizwa kwa nini tunauliza. Ukara tulirudi pia, kuona kituo cha afya cha Bwisya kilichopanuliwa kwa fedha za rambirambi, tukakaa kwenye benchi na wagonjwa hadi jioni.

Wakati mwingine kurudi kunaleta furaha. Miaka nenda rudi tuliandika foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi: wajawazito kwenye magari ya wagonjwa, malori ya samaki, wanafunzi waliochelewa mtihani. Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli likafunguliwa, takriban kilomita 3 juu ya maji. Daraja halikujengwa na magazeti. Ila msomaji mmoja wa Sengerema aliniandikia kwamba amemvusha mama yake kwenda kliniki Bugando na kurudi siku hiyohiyo, akasema "tuliyalia pamoja, tuyafurahie pamoja." Niliusoma ujumbe huo kwa sauti kwenye kikao cha asubuhi, na watu walipiga makofi.

Ninyi wasomaji mmenilea. Wachuuzi wa dagaa wa Kirumba Mwaloni mlionunua nakala moja mkaisoma watu sita, mkanipigia kunieleza bei halisi pale nilipoandika ya ofisini. Walimu wa visiwani mliosubiri gazeti hadi meli ya jioni ifike. Wazazi wa watoto wenye ualbino mlionifungulia milango katika miaka ile ya mauaji, wakati kumfungulia mgeni lilikuwa jambo la kuogopesha. Mlinipa maneno yenu mkiniamini nitayaweka kama mlivyoyasema. Hakuna mshahara unaofikia hapo.

Kwa chumba cha habari: ahsante kwa dereva wetu, aliyejua barabara ya Ukerewe kupitia Bunda hadi kivuko cha Kisorya hata usiku wa mvua, na ambaye hakunishusha mahali asipopaamini. Ahsante kwa mpiga picha aliyeshusha kamera kila mfiwa aliposema hapana. Ahsante kwa wahariri wasanifu, mliokata aya zangu nilizozipenda, na habari ikasomeka vizuri zaidi. Ahsante kwa kaka wa mapokezi, uliyewakalisha wananchi wenye bahasha zao za malalamiko, ukawapa maji ya kunywa kabla ya kuniita. Ahsante kwa mume wangu na watoto, mliokula chakula cha usiku bila mimi kwa miaka yote hii na bado mkauliza leo kuna nini ukurasa wa mbele.

Dawati la Mwanza sasa analishika kijana mliyemzoea kutoka Sengerema. Ni msikivu, anaandika Kiswahili safi, na Kisukuma chake kitamfikisha nilikokuwa nikihitaji mkalimani. Namba ya simu ya ofisi haijabadilika. Nimemkabidhi mafaili: fidia ya wanakijiji wa karibu na mgodi, nyavu za wavuvi zilizochomwa, ukaguzi wa vivuko, orodha ya wazee waliokuwa wakitishiwa maisha kwa tuhuma za uchawi na namba za wajukuu zao. Mpigieni. Mkimwona kijijini, mwelekezeni njia, na asipoonekana muda mrefu, mpigieni mhariri wake mumuulize yuko wapi.

Na kwako mhariri wa habari, dada yangu: madai ya mwakilishi wa Ukerewe ya miezi miwili hayajasainiwa. Nimeyaacha mezani kwako kwenye faili la kijani, juu ya mengine yote. Naomba yalipwe wiki hii.