HITILAFU INAENDELEA: Mauzo mapya hayahifadhiwi
Taarifa ya tatu, Jumanne saa 4:30 asubuhi

Tangu saa 2:47 asubuhi ya leo, programu yetu ya kutunza hesabu za biashara haihifadhi mauzo mapya. Mafundi wako kazini na tatizo halijaisha.

Kabla ya yote: tafadhali usiifute programu kwenye simu yako, wala usibonyeze "Futa data". Mauzo yenye alama ya njano, "Inasubiri kutumwa", yamo ndani ya simu yako tu, hayajatufikia. Ukiifuta programu yatapotea na hatutakuwa na njia ya kukurudishia. Ukiiacha ilivyo, yatajituma yenyewe huduma ikirejea.

Tunachokijua

Hifadhidata yetu kuu inasomeka lakini haiandikiki. Ndiyo maana hesabu za jana na za nyuma unaziona, ila ukihifadhi mauzo mapya unapata ujumbe "Imeshindikana kuhifadhi (503)". Kuingia kwenye akaunti nako kumekwama, kwa kuwa kila mtu anapoingia mfumo hulazimika kuandika kumbukumbu mpya. Kama bado umo ndani, usijitoe.

Kasoro iko kwenye seva zetu. Simu yako na intaneti yako hazihusiki, kwa hiyo kuzima na kuwasha simu hakutasaidia. Nakala rudufu ya saa 8:00 usiku tumeikagua na ni nzima.

Tusichokijua bado

Chanzo hatujakipata. Dalili ya mtu kuingilia mfumo hatujaiona, lakini uchunguzi haujakamilika na hatutaki kukuhakikishia jambo ambalo hatujalithibitisha.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni mauzo yaliyotumwa kati ya saa 2:47 na saa 3:05. Baadhi ya simu ziliyapa alama ya kijani, "Imehifadhiwa", na hatujui kama kweli yote yalihifadhiwa. Yaandike kwenye karatasi, kiasi na jina la mteja, lakini usiyaingize upya mpaka tukuambie, yasije yakahesabiwa mara mbili.

Huduma itarudi saa ngapi? Hatuwezi kutaja. Tunajua wengi mnapanga siku kwa kutegemea jibu hilo, na saa ya kubahatisha ingewaumiza kuliko kukosa saa. Kwa leo, weka daftari karibu.

Taarifa zijazo

Tutaandika hapa kila baada ya nusu saa, hata kama hakuna jipya. Inayofuata ni saa 5:00 asubuhi. Huduma ikirejea tutaiangalia kwa saa nzima kabla ya kutangaza kwamba hitilafu imekwisha.

Wakati kama huu matapeli hupiga simu wakijifanya mafundi. Hakuna mfanyakazi wetu atakayekuomba nenosiri au namba ya uthibitisho. Ukiombwa, kata simu.

Poleni sana kwa usumbufu, hasa mliofungua biashara asubuhi hii mkiwa na wateja mbele yenu.