Mbio za Polepole Darajani

Saa 12 asubuhi Baba Zuhura alikaza kamba za raba zake, upande wa Hospitali ya Aga Khan, Dar es Salaam. Ana miaka 44. Mara ya mwisho kukimbia alikuwa bado beki wa kulia kwenye ndondo za mtaani.

Alianza taratibu, karibu sawa na kutembea. Kabla hajafika katikati ya Daraja la Tanzanite, pumzi ilikata. Misuli ya miguu ikakaza, mate yakawa mazito, moyo ukamgonga hadi masikioni. Akatembea nguzo tatu za taa, akakimbia mbili, akatembea tena.

Mzee mmoja mwenye mvi, fulana imelowa chapachapa, akapishana naye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fupisha hatua, kijana. Ukishindwa kuongea, punguza."

Akapunguza. Mabega yakalegea, pumzi ikarudi. Upepo wa bahari ulikuwa mtamu kweli. Nguzo tano, sita, saba, hakusimama.

Alipofika ufukwe wa Koko, simu ikaita.

"Baba Zuhura, uko wapi? Chai inapoa."

"Niko Koko, Mama Zuhura. Nageuza."

"Utapanda bajaji?"

"Hapana. Nakuja kwa miguu."