Kila kitufe na kazi yake: maneno kwa wanachama wapya wa klabu yetu

Hamjambo wadogo zangu? Karibuni mbele, nyie mliosimama mlangoni, benchi hili halina mwenyewe.

Katibu ameniambia nina dakika kumi na tano kabla hamjakimbilia uwanjani, kwa hiyo salamu ndefu tuziweke pembeni. Wengi mnanijua kwa kile kibanda cha uwakala karibu na stendi ya Kange. Nakaa pale mwaka wa tisa sasa. Nimeitwa kwa sababu wengi wenu mmetimiza miaka 18, mmepata namba ya NIDA, mmeweka vidole na kusajili laini kwa majina yenu wenyewe. Zamani ulikuwa unatumia laini ya mama. Ukikosea, mama ndiye anayepanga foleni dukani kwa watoa huduma. Sasa hivi utapanga wewe.

Toeni simu, fungueni aplikesheni ya pesa. Wako wa M-Pesa hapa, wa Mixx by Yas, wa Airtel Money, na naona wawili wa HaloPesa. Rangi ni tofauti, mpangilio ni tofauti, kazi za vitufe ni zilezile. Na wewe mwenye kitochi usiondoke, menyu yako ni hiyohiyo, tena haihitaji bando: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Yas, *150*60# kwa Airtel, *150*88# kwa Halotel.

Tuanze na kitufe ambacho watu wanakidharau: Salio. Kwenye simu nyingi utaona nyota au vidoti pale juu, na pembeni alama ya jicho. Gusa jicho, salio linafunguka. Gusa tena, linajificha. Limefichwa kwa makusudi, maana kwenye daladala abiria wa nyuma yako naye ana macho.

Kwa nini nimeanza hapo? Mwaka wangu wa kwanza kibandani alikuja kijana mmoja mstaarabu, shati limenyooshwa. Akasema kaka yake ananitumia 150,000, nikizipokea nimpe taslimu, ana mgonjwa. Meseji ikaingia: umepokea shilingi 150,000, kutoka kwa fulani, salio lako sasa ni kadhaa. Nikahesabu noti nikampa. Jioni nafunga hesabu, nina upungufu wa 150,000 kamili. Ile meseji ilikuwa imeandikwa na mtu kwa mkono wake, imetoka kwenye namba ya kawaida ya simu. Ningegusa Salio kabla ya kufungua droo, ningeuona uongo wake hapohapo. Basi pesa haijaingia mpaka salio limesema imeingia. Meseji siyo pesa.

Kitufe cha pili, Tuma Pesa. Hapa nitakaa kidogo.

Ukikigusa kitakuuliza unatuma wapi: mtandao wako, mtandao mwingine, au benki. Nyie mmezaliwa mkakuta mambo yamelainika. M-Pesa ilianza hapa Tanzania mwaka 2008, na kwa miaka kadhaa kila mtandao ulikuwa kisiwa chake, mpaka mitandao ikaanza kuunganishwa kuanzia 2014. Siku hizi unatuma popote, ila makato yanaweza kutofautiana, hivyo chagua mlango sahihi kabla hujaandika namba.

Ukishachagua, unaandika namba, unaandika kiasi, unagusa Endelea. Kisha kinakuja kioo ambacho ningekuwa na uwezo ningekipaka rangi nyekundu. Kina mambo matatu: jina la anayepokea, kiasi, na makato. Chini yake kuna Thibitisha na Ghairi. Wewe dada wa mbele, niazime simu yako, inua juu wote waone. Mnaona? Jina limetoka kwa herufi kubwa, lile alilosajilia laini. Mkononi mwako bado hakijatoka kitu. Ukishaweka namba ya siri, zimekwenda.

Watu hawasomi hapo. Kidole kimezoea, kinateleza chenyewe mpaka kwenye namba ya siri. Nina mteja mmoja, basi la Lushoto linapiga honi, akamtumia fundi wake 80,000. Namba ilikosewa tarakimu moja. Jina lililokuja pale lilikuwa la mwanamke, na fundi wake ana ndevu! Kioo kilimwambia, yeye alikuwa anaangalia basi.

Ikikutokea, usimpigie uliyemtumia ukaanza kumtukana. Piga 100, huduma kwa wateja, bila kupoteza hata dakika, uwe na namba ya muamala mkononi. Ile ni mchanganyiko wa herufi na tarakimu kwenye meseji yako ya uthibitisho. Baadhi ya aplikesheni zina kitufe cha kuomba muamala urudishwe, nacho kitumie haraka. Pesa ikiwa bado imekaa kwenye simu ya yule mtu, kuna matumaini. Akishaitoa kwa wakala, utaimba peke yako.

Na kuna meseji nyingine mtaipata, kama hamjaipata tayari: "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Haina salamu, haina jina. Inamvizia yule ambaye kweli siku hiyo ana pesa ya kumtumia mtu, labda kodi ya chumba, adhani ni mwenye nyumba. Usijibu. Ipeleke kwa TCRA kupitia 15040.

Toa Pesa. Kitufe hiki ndicho kinachonilisha, lakini nitakuwa mkweli. Unagusa Toa Pesa, unachagua Kwa Wakala, unaandika namba ya wakala iliyobandikwa kibandani, kiasi, halafu jina la wakala linatokea. Lisome, lifanane na lililo ukutani. Namba ya siri unaiweka wewe, kwa kidole chako. Wakala akikwambia "nipe simu nikusaidie", mwambie asante, naweza. Hata akiwa mimi. Usipotaka makato ya kutoa, mara nyingi njia ni kutokutoa: kama dukani wanapokea kwa simu, lipa kwa simu.

Kuweka pesa hakuna kitufe kwako. Unanipa noti na namba yako, mimi ndiye ninayebonyeza, wewe unasubiri meseji na unaangalia salio kabla hujaondoka. Hapo wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo shikeni: kupokea pesa hakuhitaji namba yako ya siri. Si kwa wakala, si kwa zawadi, si kwa yule anayejiita "ofisa wa makao makuu". Anayetaka kukupa pesa hahitaji kitu chochote kutoka kwako zaidi ya namba ya simu.

Lipa. Ndani yake mna vyumba viwili na watu huingia kisichowahusu. Cha kwanza ni Lipa Namba, cha madukani. Namba ya mfanyabiashara ipo kwenye kibao mezani, mara nyingi na kile kimraba chenye madoadoa meusi. Ukigusa Skani, kamera inafunguka, unailenga kwenye kimraba, namba inajijaza. Bado jina utalisoma, kwa sababu mtu anaweza kubandika kimraba chake juu ya cha mwenye duka. Tena usimlipe mfanyabiashara kwa kitufe cha Tuma Pesa kwenye namba yake ya kawaida halafu udai umelipia duka. Hizo ni hesabu mbili tofauti.

Cha pili ni Lipa Bili. Umeme, maji, king'amuzi, ada, malipo ya serikali. Kwa LUKU unaandika namba ya mita, tarakimu 11, na unarudishiwa tokeni ya tarakimu 20 kwa meseji. Usiifute kabla hujaiingiza kwenye mita, nimeona mtu amelala giza kwa kusafisha meseji. Kwa malipo ya serikali unaandika kontro namba, tarakimu 12. Ukikosea moja, ama itakataa ama utaona deni la mtu mwingine, na hapo ndipo Ghairi inapofanya kazi.

Sasa jambo la mtandao kuwa mzito. Umethibitisha, kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, hakuna jibu. Mkono unawasha ubonyeze tena. Usibonyeze. Nenda kwenye kitufe cha Miamala, wengine wameandika Taarifa. Kina orodha ya kila kilichoingia na kilichotoka, na tarehe na saa. Kama malipo yako yapo humo, yamefika. Kama hayapo, subiri kidogo uangalie tena pamoja na salio. Wanaolipa chipsi mara mbili ndio hao wa kubonyeza tena.

Muda wa maongezi na bando mnakijua kuliko mimi. Tuendelee.

Mikopo na Akiba. Akiba sina ugomvi nayo. Mikopo ina sura nyingi, na moja inakuja bila kuitafuta: unalipa kitu, salio halitoshi, simu inakuuliza kama ikuongezee. Kwa M-Pesa inaitwa Songesha. Ni mkopo, tafadhali, siyo zawadi. Una ada, na pesa yoyote itakayoingia baadaye inakatwa kwanza kufidia. Mimi nimeutumia, dawa ya mtoto usiku. Kwa ajili ya bando la kuangalia mpira, sijui, mtajijua.

La mwisho, Akaunti Yangu. Humo ndimo unapobadili namba ya siri. Naomba kila aliyeweka mwaka wake wa kuzaliwa aibadili leo, kwa sababu kila mtu hapa anaujua, tumetoka kukata keki zenu. Humo pia unaruhusu kufungua kwa alama ya kidole. Ni rahisi, lakini jiulize ni vidole vya nani vilivyomo kwenye simu yako. Kama cha mpenzi kimo, basi na pochi anayo. Simu ikipotea, azima ya mwenzako wa mtandao uleule upige 100 wafunge laini kwanza, kulia utalia baadaye. Na piga *106# uone namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda dukani kwa mtandao husika.

Haya, maneno yametosha. Nina 5,000 na ya makato hapa kwenye simu, nitawatumia 500 watu kumi. Ukipokea, usinishangilie: fungua jicho, soma salio, halafu mtumie jirani yako 500 hiyohiyo. Kabla ya namba ya siri, soma jina lake kwa sauti, tulisikie. Makato yakikuzidi, njoo kwangu. Nani anaanza? Wewe mwenye jezi ya Coastal, nitajie namba yako, taratibu.