YAH: Kumbusho la malipo ya ankara namba 047, kitabu cha mafunzo ya wahudumu wa afya

Jumatatu, 29 Juni 2026

Dada Zawadi,

Habari za kazi, na poleni na majukumu ya mwisho wa nusu mwaka. Naamini mafunzo ya kundi la kwanza yanaendelea vizuri, na kwamba vitabu vimefika mikononi mwa waliokusudiwa.

Nakuandikia kuhusu ankara namba 047 ya tarehe 1 Juni, ya asilimia 60 iliyobaki ya gharama za uhariri na usanifu wa kitabu. Kwa makubaliano yetu ilipaswa kulipwa ndani ya siku 14, yaani kufikia Jumatatu ya tarehe 15 Juni. Mpaka asubuhi ya leo sijaona malipo kwenye akaunti, wala sijapata taarifa yoyote kutoka idara ya uhasibu. Ni wiki 2 sasa tangu siku hiyo ipite. Naomba unisaidie kujua ankara imekwama wapi, na malipo nitegemee tarehe gani.

Nianze kwa kusema kwamba sina shaka na nia yenu. Malipo ya awali ya asilimia 40 mliyalipa kabla hata sijafungua sura ya kwanza, na katika muda wote wa kazi hukuwahi kuniacha na swali bila jibu. Ndiyo maana nimeona nikuandikie wewe kwanza, badala ya kupeleka malalamiko juu. Mara nyingi malipo ya namna hii huchelewa si kwa sababu mtu amekataa kulipa, bali kwa sababu karatasi moja imelala kwenye meza isiyo yake. Kwa hiyo nimejaribu kufikiria ni wapi panaweza kuwa na kikwazo, ili usipate kazi ya kutafuta upya.

La kwanza ni ankara yenyewe. Niliituma kwako kwa barua pepe tarehe 1 Juni mchana, siku ileile hati ya makabidhiano iliposainiwa, na nikaweka nakala kwa mhasibu ambaye anwani yake ulinipa mwezi Februari. Inawezekana mhasibu huyo amehama kitengo au yuko likizo. Kama ni hivyo, nipe anwani ya anayeshika nafasi yake, nami nitamtumia leo leo.

La pili ni namba ya oda ya ununuzi. Najua ofisi nyingi hazigusi ankara isiyo na namba hiyo. Nimeangalia tena: ipo, imeandikwa juu upande wa kulia, na ni ileile iliyo kwenye oda mliyonipa. Jina la mlipwaji pia linafanana na lile lililo kwenye mkataba. Mkihitaji ankara yenye mhuri na saini ya wino badala ya ile ya PDF, niambie tu, nitaileta mwenyewe ofisini.

La tatu ni hati ya makabidhiano. Uhasibu wanaweza kuwa wanasubiri uthibitisho kwamba kazi imekamilika na imekubaliwa. Nimeiambatisha hapa ikiwa na saini yako na ya mkuu wa mafunzo. Faili za mwisho mlizipokea Ijumaa ya tarehe 29 Mei: kurasa 164 za ndani pamoja na jalada, rangi zikiwa tayari katika mfumo wa CMYK, picha zote zikiwa na dpi 300, na milimita 3 za kukatia kila upande kama mpiga chapa alivyoagiza. Baadaye mpiga chapa alinithibitishia kwa simu kwamba alizifungua bila tatizo na kuanza kuchapa. Tangu hapo sijapokea marekebisho wala lalamiko. Lakini kama kuna kitu mmekiona ndani ya kitabu kisichowaridhisha, na malipo yamesimama kwa sababu hiyo, tafadhali nieleze waziwazi. Kifungu cha marekebisho bado kiko hai hadi mwisho wa Agosti, na kosa lolote la upande wangu nitalisahihisha bila gharama. Ningependa kulisikia kutoka kwako kuliko kulikisia.

Inawezekana pia kwamba mnafunga hesabu, na malipo yote yamesimamishwa kwa muda. Hilo nalielewa. Ninachoomba katika hali hiyo ni kuambiwa tu: mnafunga lini, mnafungua lini, na ankara hii itakuwa kwenye kundi gani la malipo. Nikiwa na tarehe ninaweza kupanga, hata kama ni ya mbali kidogo.

Niseme pia kwa nini nafuatilia. Kazi hii sikuifanya peke yangu. Michoro 38 iliyomo ni ya mchoraji niliyempa kazi, na yeye nimeshamlipa chote kutoka mfukoni mwangu, kwa kuwa alimaliza upande wake mwezi Aprili na haikuwa haki kumsubirisha. Aliyebaki ni msomaji wa prufu, na fedha zake zimo ndani ya salio hili. Utakumbuka tulivyokubaliana kumwongeza msomaji wa pili kwa ajili ya sura za matibabu ya watoto. Jedwali la zinki kwa watoto wanaoharisha pekee lilipitiwa na watu watatu, kwa sababu mtoto wa chini ya miezi 6 hupewa miligramu 10 kwa siku na aliyevuka umri huo miligramu 20, kwa siku 10 hadi 14, na safu mbili zikibadilishana mahali hapo mhudumu aliye kijijini hana wa kumuuliza. Msomaji huyo ni muuguzi mstaafu, alifanya kazi hiyo usiku na mchana ili tuwahi tarehe ya mpiga chapa, na nilimwahidi kwamba atalipwa mara tu ankara hii ikilipwa. Ananiuliza kwa upole kama ninavyokuuliza wewe, nami nakosa tarehe ya kumpa.

Ombi langu, basi, ni mambo mawili. Naomba nipate jibu lako kufikia Alhamisi, tarehe 2 Julai, hata kama ni mstari mmoja wa kuniambia ankara iko hatua gani. Na naomba malipo yenyewe yawe yamefanyika kufikia Ijumaa, tarehe 10 Julai. Iwapo kulipa chote kwa mara moja ni mzigo kwa sasa, niko tayari kupokea nusu ya salio kufikia tarehe hiyo na nusu nyingine kufikia Ijumaa, tarehe 31 Julai. Tukienda kwa njia hiyo, naomba mpango huo uandikwe kwa barua pepe na mtu wa uhasibu mwenye mamlaka, ili wote wawili tuwe na kitu cha kushika.

Kuhusu tozo ya ucheleweshaji iliyo katika kifungu cha 7 cha mkataba, sijaiweka kwenye hesabu, na ankara iliyoambatishwa ni ileile ya tarehe 1 Juni bila nyongeza. Nikipata tarehe na ikaheshimiwa, sitaiweka. Naitaja kwa sababu uhasibu wanaweza kuuliza kama kiasi kimebadilika. Hakijabadilika.

Faili asilia za InDesign, pamoja na michoro inayoweza kuhaririwa, mtakabidhiwa salio likishalipwa, kama kifungu cha 5 kinavyosema. Hilo lilikuwa hivyo tangu mwanzo. Nisingependa ulione kama shinikizo. Nimeshaziweka pamoja kwenye folda moja, fonti na picha zikiwemo, na nitakutumia kiungo siku ileile malipo yatakapoingia. Kama kabla ya hapo mtahitaji kusahihisha neno au namba ya simu kwa ajili ya toleo linalochapwa sasa, nitumie, nitalifanya na kuwarudishia ukurasa huo mara moja. Wanafunzi hawana sababu ya kusoma kosa kwa ajili ya ankara.

Jambo moja zaidi ambalo naomba ulifikishe kwa mhasibu. Akaunti ya benki ni ileile iliyotumika kwa malipo ya awali, na maelezo yake yako chini ya ankara. Sijaibadilisha na sina mpango wa kuibadilisha. Ikitokea mkapokea barua pepe au ujumbe wa simu, hata wenye jina langu, unaosema fedha zipelekwe kwenye akaunti nyingine au kwa namba ya simu, msilipe kabla ya kunipigia kwa namba mliyo nayo tangu Februari. Utapeli wa aina hii huwalenga zaidi watu wanaosubiriana malipo, na anayeumia ni mlipaji na mlipwaji pia. Kama malipo mlishayafanya na hayajanifikia, naomba nakala ya hati ya muamala kutoka benki, nami nitafuatilia upande wa benki yangu siku hiyohiyo. Na kama kodi ya zuio itakatwa, naomba cheti chake kitumwe pamoja na taarifa ya malipo, maana bila hicho hesabu zangu za kodi hazifungi.

Nitakupigia simu Ijumaa ya tarehe 3 Julai, kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, ikiwa tutakuwa hatujawasiliana kabla ya hapo. Kama muda huo una kikao, nitajie mwingine unaokufaa. Kama suala hili liko nje ya uwezo wako, hata hilo si tatizo: nielekeze kwa anayehusika, nami nitazungumza naye kwa heshima ileile.

Ulinigusia mwezi uliopita kwamba mnafikiria kitabu cha pili, cha wakufunzi. Nimeendelea kukiwaza. Nina maoni kuhusu namna ya kupanga mazoezi ya vitendo ili mkufunzi asilazimike kufungua vitabu viwili kwa wakati mmoja, na ningefurahi tukae tuyazungumze mara tu hili la ankara litakapomalizika. Kufanya kazi nanyi kumekuwa jambo jema kwangu, na nataka liendelee.

Ikiwa malipo yamefanyika leo na barua hii imepishana nayo njiani, nashukuru sana, na tafadhali ichukulie kuwa haina kazi tena. Nitakutumia stakabadhi fedha zitakapoonekana.

Asante kwa muda wako, dada, na wasalimie wenzako wa kitengo cha mafunzo.

Wako katika kazi,

Baraka
Mhariri na msanifu wa kurasa

Nakala: Idara ya uhasibu

Viambatisho: ankara namba 047, hati ya makabidhiano ya tarehe 1 Juni 2026, nakala ya oda ya ununuzi, ukurasa wa mkataba wenye vifungu vya 5 hadi 7