Kusoma Grafu: Karatasi ya Kazi ya Kidato cha Pili

Muda: vipindi viwili vya dakika 40. Vifaa: daftari, penseli, rula. Majibu yote yaandike kwenye daftari.

Grafu ya 1 ni ya darasa zima, ila maswali yako katika ngazi tatu. Soma swali la kwanza la kila ngazi, kisha anzia pale ambapo unaona njia ya kulijibu. Ukikwama, shuka ngazi moja. Ukimaliza, panda. Anayeanzia A akafika B amefanya kazi kubwa kuliko anayekaa C anaangalia dari.

Grafu ya 1: Safari ya baiskeli

Mwanafunzi aliondoka nyumbani kwa baiskeli kwenda shuleni, umbali wa kilomita 5. Barabara yote ni tambarare. Njiani aligundua kwamba daftari lake limeanguka.

```
Umbali kutoka nyumbani (km)
5 |                             *
4 |
3 |                        *
2 |         *    *
1 |    *              *
0 *----+----+----+----+----+----+
  0    5    10   15   20   25   30
          Muda (dakika)
```

Inakili grafu hii, kisha unganisha nukta kwa rula, kutoka kushoto kwenda kulia. Usiruke nukta yoyote.

NGAZI A: Kusoma nukta

Kabla ya kujibu chochote, soma maneno yaliyo kwenye mihimili miwili. Mhimili wa mlalo unaonyesha muda. Mhimili wa wima unaonyesha umbali *kutoka nyumbani*. Maneno hayo mawili ya mwisho yana kazi kubwa. Yapigie mstari kwenye nakala yako.

Mfano: Dakika ya 5 alikuwa umbali gani kutoka nyumbani? Weka kidole kwenye 5 ya mhimili wa mlalo. Panda wima hadi ukutane na mstari. Sasa geuka kushoto, nenda moja kwa moja hadi mhimili wa wima, usome namba. Ni 1. Jibu: kilomita 1. (Bila kipimo, jibu halijakamilika. 1 nini?)

A1. Dakika ya 10 alikuwa umbali gani kutoka nyumbani?

A2. Alikuwa kilomita 3 kutoka nyumbani dakika ya ngapi? Safari hii kidole kinaanzia mhimili wa wima.

A3. Alifika shuleni dakika ya ngapi?

A4. Kati ya dakika ya 10 na ya 15, umbali uliongezeka, ulipungua au haukubadilika? Basi mwanafunzi alikuwa anafanya nini?

A5. Safari ina vipande vinne: dakika 0–10, 10–15, 15–20 na 20–30. Oanisha kila kipande na sentensi moja kati ya hizi: *anarudi alikotoka, amesimama, anaenda shuleni kwa kasi ya mwanzo, anaenda shuleni kwa kasi kubwa zaidi.*

Msaada wa A5: mstari ukipanda, anazidi kwenda mbali na nyumbani. Ukishuka, anasogea nyumbani. Ukilala, hasogei.

NGAZI B: Kusoma mteremko wa mstari

B1. Tafuta kasi yake katika dakika 10 za kwanza, kwa kilomita kwa dakika. Kisha ibadilishe iwe kilomita kwa saa.

B2. Fanya hivyo hivyo kwa dakika 10 za mwisho. Ungejuaje kipande kipi kina kasi kubwa bila kupiga hesabu?

B3. Mwenzako anasema: “Kati ya dakika ya 15 na ya 20 baiskeli ilikuwa inashuka mlima, ndiyo maana mstari unashuka.” Mweleze, kwa sentensi mbili au tatu, kosa lake liko wapi.

B4. Jumla alitembeza baiskeli kilomita ngapi? Jibu si 5. Eleza kwa nini.

B5. Andika habari fupi ya safari hii, sentensi tano hadi saba. Taja angalau nyakati nne kutoka kwenye grafu. Mtu asiyeiona grafu aweze kuichora kwa kusoma habari yako. Badilishaneni madaftari mjaribu.

NGAZI C: Kuihoji grafu

C1. Alipita sehemu iliyo kilomita 1.5 kutoka nyumbani mara ngapi, na katika dakika zipi?

C2. Wanafunzi wawili wanabishana kuhusu kasi ya wastani ya safari nzima. Mmoja kapata kilomita 10 kwa saa, mwingine 14. Onyesha kila mmoja alikokotoa vipi. Yupi amejibu swali lililoulizwa?

C3. Je, grafu ya umbali na muda inaweza kuwa na mstari uliosimama wima kabisa? Toa sababu.

C4. Grafu ya 2 inaonyesha idadi ya watu duniani kwa mabilioni, kwa makadirio.

```
2000 |###########
2010 |####################
2020 |############################
     5         6         7         8
```

(a) Soma idadi ya kila mwaka. (b) Nguzo ya 2020 ni ndefu mara ngapi kuliko ya 2000? (c) Idadi yenyewe ya 2020 ni mara ngapi ya ile ya 2000? (d) Kwa nini majibu ya (b) na (c) yanapishana? Ichore upya grafu ili isimpotoshe msomaji.

C5. Kilo 1 ya barafu yenye nyuzi −10 za Selsiasi inapashwa moto usiobadilika hadi yote iwe mvuke, usawa wa bahari. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji takribani kilojuli 334; kuigeuza kilo moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji takribani 2,260. Chora umbo la grafu ya jotoridi dhidi ya muda. Italala wapi, na sehemu ipi iliyolala ni ndefu zaidi, kwa mara ngapi?

UKURASA WA MWALIMU

A1: km 2. A2: dakika ya 25. A3: dakika ya 30. A4: haukubadilika; alisimama. A5: kasi ya mwanzo; amesimama; anarudi; kasi kubwa zaidi.

B1: 0.2 km kwa dakika, yaani km 12 kwa saa. B2: 0.4, yaani km 24 kwa saa. Mstari wake umesimama zaidi. B4: 2 + 1 + 4 = km 7, kwa kuwa alirudi kilomita 1 kisha akaipita tena.

B3 ndilo swali la kupewa muda. Wengi huiona grafu kama picha ya barabara, hata wale wanaopata A yote. Usiwape jibu haraka. Waulize mhimili wa wima unapima nini. Kimo hakipo popote kwenye grafu hii, na barabara ni tambarare.

C1: mara tatu, dakika ya 7.5, 17.5 na 21.25. Ya tatu wengi huikosa. Waweke rula mlalo kwenye 1.5. C2: 5 ÷ 0.5 = 10 na 7 ÷ 0.5 = 14; kasi ya wastani hutumia njia yote iliyopitwa, hivyo 14. C3: hapana, angekuwa sehemu nyingi kwa wakati mmoja. C4: 6.1, 7.0 na 7.8, urefu takribani mara 2.5, idadi takribani mara 1.3, mhimili umeanzia 5 badala ya 0. C5: italala kwenye nyuzi 0 na 100, ya kuchemka ni ndefu karibu mara 7.

Mwanafunzi wa ngazi A anayesita kwenye A2 mpe rula mbili, moja ya mlalo na moja ya wima, zikutane kwenye mstari.